Chandarua haitafutwi, inatafutwa neti

Leo nimefunga meza mapema kwa sababu ya mvua, acha niandike hili kabla sijalisahau.

Nina miezi kadhaa nauza neti Kariakoo na mtandaoni, mezani zinatoka, ila Instagram kimya kabisa. Tangazo langu lilisomeka "Chandarua cha kisasa chenye fremu, sm 180 x 200", maneno nimeyatoa kwenye boksi nikayatafsiri vizuri tu, nikajua nimemaliza kazi.

Sa juzi akaja mama mmoja na mtoto mgongoni, akasema "anti, neti ya stendi ya sita kwa sita unayo?" Nikamtolea. Baada yake akaja kaka, "dada, neti ya tano kwa sita bei gani?" Ndo nikashtuka, yaani siku nzima sijasikia mtu akitamka chandarua wala fremu wala sentimita, mtu anataja kitanda chake kwa futi, basi.

Nikachukua daftari la madeni, ukurasa wa nyuma, kila anayeuliza naandika alivyosema vilevile bila kumrekebisha. Siku tatu. Neti na saizi ya kitanda ndo vilirudi mara nyingi, alafu stendi, alafu neti ya duara kwa wale wanaoning'iniza darini.

Ila mtu akiwa mezani anaongea huku ananyooshea kidole, kwenye simu kidole hakimsaidii. Kwa hiyo mteja niliyezoeana naye nikampa simu yangu nikamwambia, "dada yangu, jifanye uko nyumbani unatafuta hii, andika." Akaandika `neti ya stand 6x6`. Mdomoni stendi, kidoleni stand! Hapo kusikiliza peke yake kungenipoteza, na tangu siku hiyo naandika zote mbili kwenye tangazo moja.

Nikajaribu pia kutafuta neno neti peke yake, zikaja neti za magoli ya mpira, kumbe bila saizi au stendi hilo neno ni pana mno. Sasa sentensi ya kwanza inasema "Neti ya stendi (stand) 6x6, sita kwa sita", sentimita nimeziacha chini kwa anayetaka kupima. Hata jina la ukurasa, lile la kwenye profaili, sio la @, nimeongeza neti za stendi maana watu wakitafuta, Instagram inaangalia na hapo pia, ila fikiria kwanza maana hairuhusu kulibadili zaidi ya mara mbili ndani ya siku 14.

Jana usiku ikaingia meseji kutoka Morogoro, "6x6 ya stand ipo?" Nimeisoma mara tatu, maneno yaleyale aliyoandika yule dada kwenye simu.

Na leo kabla ya mvua mama mmoja kauliza neti ya dabo deka, mwanae anaenda bweni. Sina. Nimeiandika.