Siti 7A na abiria wa Makambako: nilivyoacha kuuza siti ya mtu

Nakata tiketi za mabasi ya Dar es Salaam hapa Mbeya, na huu ni mwaka wa sita. Miaka miwili ya mwanzo niliamini kazi yangu ni kuhakikisha siti moja haiuzwi mara mbili. Kumbe siti inaweza kuuzwa mara mbili hata kama kwenye daftari imeandikwa mara moja tu.

Ilikuwa Julai, basi letu la saa 12 asubuhi, lile la siti mbili kwa mbili, ambalo A na D ziko dirishani, B na C ziko njiani. Siti 7A nilikuwa nimemuuzia mama mmoja wa Njombe aliyekuwa anawahi kliniki Dar. Angepandia Makambako. Mimi kwenye orodha ya konda niliandika hivi tu: 7A, Dar, imelipwa. Saa 12 kasoro dakika tano konda akapita ndani kuhesabu vichwa, akaona 7A haina mtu. Dirishani kwa wakala kulikuwa na kijana ana nauli mkononi na begi begani. Konda akaniuliza, "Dada, huyu wa 7A amekuja?" Nikajibu kwamba sijamwona. Ni kweli, sikuwa nimemwona. Kijana akapanda.

Saa 3 na robo basi likaingia Makambako. Mama yupo, amejifunga kanga mbili juu ya sweta kwa baridi ya pale, tiketi mkononi, siti ina mtu wa mpaka Dar. Basi limejaa, na kusimamisha abiria safari ndefu hairuhusiwi. Konda akanipigia, nikamwomba ampe mama simu. Aliniambia neno moja tu: "Mwanangu, mimi nimelipa tangu Jumanne." Tulimtafutia nafasi kwenye basi la kampuni nyingine kwa gharama ya ofisi, akaondoka zaidi ya saa mbili baadaye.

Nilikaa na orodha ile jioni nzima. Kosa lilikuwa langu: nilimhesabu kuwa hajatokea mtu ambaye zamu yake ya kutokea ilikuwa bado haijafika. Abiria wa Makambako hawezi kuchelewa akiwa Mbeya. Tangu siku hiyo kila siti kwenye orodha yangu ina mambo matatu: namba, kituo cha kupandia na kituo cha kushukia. Orodha ya konda nikaacha kuipanga kwa namba za siti, nikaipanga kwa vituo: Mbeya stendi, Uyole, Igurusi, Chimala, Makambako, Mafinga, Iringa. Konda akiwa stendi anasoma fungu la stendi peke yake. Siti haifunguliwi kuuzwa mpaka basi liwe limeondoka kwenye kituo cha mwenye siti, na ni mimi ninayeifungua baada ya konda kunipigia. Konda hafungui mwenyewe. Hapo tulivutana kidogo, maana siti tupu inamuuma konda kuliko mtu yeyote, lakini mwenye basi alinikubalia.

Siti tupu kutoka Mbeya hadi Makambako nayo ni hasara, hilo sikatai. Kwa hiyo 7A ya namna hiyo naiuza kwa mtu wa Igurusi, Chimala au Makambako kwenyewe, yaani anayeshuka kabla ya mwenye siti kupanda au pale pale anapopanda. Namwambia kabla hajatoa hela kwamba siti hii ina mtu kuanzia Makambako, na kituo chake cha kushukia naandika kwenye tiketi. Anayesema "nitaangalia mbele ya safari" simuuzii. Huyo ndiye atakayegoma kunyanyuka.

Baada ya hapo nikabaki na wale wanaoachwa kweli. Nilianza kuwauliza mmoja mmoja imekuwaje, na majibu yakanishangaza, kwa sababu wengi hawakuwa wazembe. Mzee mmoja alifika dirishani saa 5 na nusu asubuhi, amenyoosha koti lake vizuri, ana mfuko wa parachichi. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Nimewahi mapema, basi la saa 6 liko wapi?" Mashine ilikuwa imemchapia 06:00. Yeye akasoma saa 6, kama ambavyo mtu yeyote wa hapa angesoma. Basi lake lilikuwa limeshapita Makambako. Tulimpa siti ya basi la jioni bila kumwongezea nauli, na tangu hapo sitoi tiketi kabla sijaandika kwa kalamu juu yake "saa 12 asubuhi" na kumwomba abiria anitajie saa hiyo kwa mdomo wake.

Tatizo jingine ni kwamba saa iliyochapwa ni ya basi kutoka Mbeya. Mtu wa Chimala akiisoma anasimama barabarani alfajiri, akichoka anarudi nyumbani kunywa chai, na basi linapita yumo jikoni. Sasa namwandikia saa ya kituo chake, na saa ya kuwa pale, nusu saa kabla. Kwa wanaotoka Njombe nauliza zaidi: unakuja Makambako na gari gani, linatoka saa ngapi? Akiniambia atapanda gari la saa 2 asubuhi, namshauri achukue la kabla yake, kwa kuwa gari dogo husubiri lijae.

Halafu simu. Tiketi nyingi zinalipiwa na mtoto aliyeko Dar, na namba inayobaki kwangu ni ya mtoto. Asubuhi nikipiga, napokelewa na mtu aliyelala Mbagala hajui mama yake amefika wapi. Kwa hiyo nachukua namba mbili, ya mlipaji na ya msafiri, na ninayempigia ni msafiri, basi likiwa limebakiza nusu saa kufika kwake.

Kusubiri tunasubiri dakika tano, si zaidi. Abiria hunilaumu kwa hili, nami huwaeleza sababu: basi lina ukomo wa kilomita 80 kwa saa na kifaa cha LATRA kinachofuatilia mwendo, kwa hiyo dakika 15 zilizopotea Mbeya dereva hana pa kuzirudishia. Wa Chimala, Makambako na Mafinga wote wanazibeba kwenye baridi. Aliyekosa basi stendi lakini yuko njiani namwelekeza Uyole, kwa kuwa tunasimama pale hata hivyo, na siti yake naihamishia kituo hicho kwenye orodha. Sifanyi hivyo akiwa mbali. Sitaki mtu apande bodaboda akimhimiza kijana wa watu akimbizane na basi.

Aliyepiga simu kabla basi halijafika kituoni kwake namsogeza safari nyingine bure, nafasi ikiwepo. Aliyepiga baada ya basi kupita, kama siti yake ilipata mtu mbele, naye namsogeza bure, kwa sababu ofisi haikupoteza. Kama siti ilikwenda tupu mpaka Dar, anachangia nusu ya nauli. Huo ni utaratibu wa ofisi yetu, na nausema siku ya kukata tiketi, si siku ya kuachwa.

Wiki iliyopita 7A ilikuwa tena ya Makambako. Konda alipiga saa 3 na dakika 20: "Dada, wa 7A hayupo, tunaondoka." Nikampigia msafiri. Gari lao lilipata pancha, alikuwa amebakiza kama kilomita tano. Nikamhamishia basi la pili, siti 9D, na ile 7A nikamfungulia mtu wa Mafinga aliyekuwa anasubiri kwa wakala wetu tangu asubuhi.