Tumbo kujaa gesi baada ya kuongeza nyuzinyuzi: jinsi nilivyotatua

Nilipobadili mlo na kuanza kula pumba za ngano asubuhi na maharagwe jioni, tumbo lilijaa gesi na choo kikawa kigumu, vipande vidogo vikavu. Pumba hufyonza maji. Yasipotosha, choo hukauka na kukwama. Gesi nayo hutokana na bakteria wa utumbo mpana wanaochachusha nyuzinyuzi, na tumbo huhitaji muda kuzoea.

Basi nilirudi kwenye kijiko kimoja cha pumba, nikawa naongeza kimoja kila wiki, kila mara na glasi ya maji. Maharagwe niliyaloweka usiku kucha, nikamwaga maji yale kabla ya kupika. Choo kililainika kwanza. Gesi ilichelewa kupungua.

Ila tumbo likiuma sana, ukatapika au ukashindwa hata kutoa gesi, nenda hospitali haraka.