Hotuba ya Hajati na deni la mjomba

Tarehe 31 Desemba 2019, saa kumi jioni, Hajati aliteremsha shata la duka hadi katikati, akatuambia tukae. Duka lilikuwa la vifaa vya ujenzi, hapa Busia upande wa Uganda, nami ndiye niliyekaa kwenye kaunta ya fedha. Tulikuwa saba. Sufuria ya pilau ilikuwa imeshaletwa, na harufu yake ilitufanya wote tuombe maneno yawe mafupi.

Alianza kwa shukrani, na hakumshukuru mtu kwa jumla jumla. Alimgeukia kijana wa kaunta ya rangi, akamkumbusha siku ya Oktoba aliyokataa bunda la noti za zamani za elfu moja za Kenya. Hapa mpakani tunapokea shilingi za pande zote mbili, na noti zile zilikuwa zimekoma kutumika Septemba 30. Mteja alikuwa mkubwa, tena mkali. "Ulitukanwa kwa ajili yangu, mwanangu," alisema. Kijana akainamisha kichwa, akacheka.

Kisha akafungua daftari. Mwaka uliotangulia alikuwa ametuwekea shabaha moja tu: mauzo yapande kutoka shilingi milioni 480 za Uganda hadi 540. Tulifika 552, nami nilikuwa nikingoja makofi.

"Mmefanya nilichowaambia," alisema. "Kosa ni langu. Niliwaambia uzeni, sikuwaambia mlipwe."

Mwanzo wa mwaka tulikuwa tunadai watu shilingi milioni 21. Sasa tulikuwa tunadai 63. Mauzo yameongezeka kwa milioni 72, na katika biashara yetu faida ni nyembamba, kiasi cha shilingi sita katika kila mia. Ina maana ongezeko lile lilituletea faida ya milioni nne na kidogo, nasi tumewakopesha watu milioni 42 zaidi. Ndiyo maana Novemba alikuwa akikopa ili alipie lori la mabati, na sisi huku tukijisifu kwamba duka limechangamka. Nilitazama sakafu. Karibu kila deni lile lilikuwa kwa mwandiko wangu.

Akamtuma kijana wa stoo alete mfuko wa saruji. Ulikuwa umeganda kabisa. Aliugonga kwa nyundo ukalia kama jiwe. Mifuko tisa ya namna hiyo ilikuwa imegusana na ukuta wakati wa mvua. Tulikuwa tukinunua mfuko kwa 29,000 na kuuza 30,000. "Huu mmoja," alisema, "unataka niuze mingine 29 ndipo nirudi nilipokuwa. Tisa je?" Mpishi ndiye aliyejibu wa kwanza, kutoka mlangoni: 261.

Kwa hiyo shabaha ya 2020 haikuwa kupandisha mauzo. Yabaki pale pale, alisema, ila madeni yashuke hadi milioni 30 kufikia mwisho wa Juni. Mwenye deni la zaidi ya siku thelathini asipewe hata msumari. Saruji ikae juu ya mbao, mbali na ukuta, kila shehena iandikwe tarehe kwa chaki, na ya zamani itoke kwanza.

Dereva akauliza kama mauzo tutayagawa kwa miezi kumi na miwili. Swali zuri, maana mwaka ule tuligawa hivyo na Februari tukaonekana wavivu. Hajati akasema hapana. Januari jua linawaka na watu wanajenga. Februari shule zinafunguliwa na fedha yote inakwenda kwenye karo. Kisha mvua za Machi hadi Mei zinawasimamisha mafundi. Basi Februari ikapewa nusu tu ya Januari. Sijawahi kuona hesabu ya duka iliyotutendea haki kama ile.

"Na mwenye deni akiwa ndugu?" nikauliza, nikijifanya nauliza kwa niaba ya wote.

"Ndugu ndiye wa kwanza," akajibu, bila kunitazama. Akatugawia bahasha, tukala.

Usiku ule niliyapanga madeni kwa umri. La juu kabisa lilikuwa la mjomba wangu: mabati ya 1,150,000, tangu Machi. Nilimpa mimi, bila sahihi.

Jumamosi nikaenda kwake kwa boda. Alinikaribisha vizuri mno, dalili mbaya. Baada ya chai mbili alitoa 200,000 na jogoo, akisema jogoo ni wa Hajati, asinikasirikie.

Jumatatu niliweka fedha kwenye kaunta. Hajati alizihesabu, akaandika 200,000, akanitazama juu ya miwani.

"Na jogoo yuko wapi?"

Mjomba alikuwa ameshampigia simu. Jogoo tulikuwa tumemla Jumapili.