Kurasa tatu na nusu, kadi moja: nilivyomwandikia dada yangu

Shajara yangu ya safari ina domo. Siku meli ilipochelewa niliandika kurasa tatu na nusu, maana nilikuwa nimekaa gatini tangu alfajiri na sikuwa na kazi nyingine. Humo mna ukungu, mna bomba la chumbani lililokuwa likivuja usiku kucha, mna kofia iliyopotea, mna ugomvi mdogo na mwenzangu wa safari, na mwishoni mna machweo yaliyokula ukurasa mzima peke yake. Nilikuwa na postikadi moja ya kumtumia dada yangu mkubwa, nikajua kazi ni rahisi: nichukue hizo kurasa, nizipunguze mpaka zienee.

Nikazipunguza hivi:

“Dada mpendwa, natumaini hujambo. Safari inaendelea vizuri. Meli ilichelewa kwa sababu ya ukungu lakini tulifika salama. Mandhari ya huku ni mazuri sana na watu ni wakarimu. Nimepiga picha nyingi, nitakuonyesha. Nakukumbuka. Wasalimie wote.”

Hakuna uongo humo. Lakini nilipoiweka mezani, kidole gumba kikawa kimefunika neno “Dada”, na nikagundua kwamba hapo chini ya kidole pangeweza kukaa jina la mtu yeyote: mfanyakazi mwenzangu, jirani, hata mwenye nyumba. Tangu siku hiyo ndicho kipimo changu. Funika jina. Kama kadi bado inamfaa kila mtu, haijaandikwa. Halafu yale mandhari mazuri yako upande wa pili, kwa rangi. Dada angeyaona kabla hajasoma neno hata moja.

Kosa la pili lilikuwa la mkono. Nilianza na herufi kubwa za kujivunia, nikafika katikati nikaona nafasi inaisha, zikaanza kunyauka, na “wasalimie wote” ikapanda ukingoni mpaka ikagusa sehemu ya anwani. Kwa hiyo nikapima. Kadi yangu ilikuwa na urefu wa milimita 148 na upana wa 105, na nusu ya kulia ni ya anwani na stempu, haiguswi. (Zamani mambo yalikuwa magumu zaidi: upande huo wote ulikuwa wa anwani tu, na ujumbe ulibanwa upande wa picha. Uingereza iliruhusu upande huo ugawanywe mwaka 1902.) Ikabaki nusu ya kushoto, milimita 74. Toa pembezoni kidogo kila upande, toa pia kama sentimita moja na nusu chini kabisa, kwa kuwa mashine za posta za baadhi ya nchi huchapa mistari yao hapo na kufunika mwandiko. Nilichora umbo la nafasi iliyobaki kwenye karatasi ya kawaida, nikaandika humo kwa peni ileile na mwandiko wangu wa kila siku. Mistari 12, kila mmoja herufi kama 30 pamoja na nafasi. Hayo ndiyo mashamba yangu yote.

Nikahesabu herufi badala ya maneno, na nina sababu. Kiswahili hupakia mengi ndani ya neno moja. “Unanihesabu” ni neno moja tu, lakini linakula zaidi ya theluthi ya mstari. Ukijipangia maneno 60 ukadhani yataenea, utajikuta unapanda ukingoni kama mimi.

Sasa likaja swali la nini kibaki. Hapo ndipo nilipoacha kupunguza na kuanza kutafuta. Niliisoma shajara kwa sauti ya chini, nikimwazia dada ameketi mbele yangu, nikatia alama kila mahali ambapo ningemwona ananikatiza. Dada yangu si mtu wa kusikiliza mpaka mwisho. Kwenye ukungu hakukatiza. Kwenye machweo alikuwa ameshainuka kwenda jikoni, na ule ukurasa niliokuwa nikiuonea fahari kuliko yote ukaanguka hapohapo. Alikatiza ukurasa wa tatu, kwenye aya ambayo wakati naiandika niliona ni ya kupitisha muda tu:

“Pembeni yangu kuna mama mmoja mwenye mizigo mingi ambayo ameipanga mstari. Kila baada ya muda anasimama na kuanza kuihesabu kwa kidole, halafu anaonekana kuchanganyikiwa, halafu anaanza upya. Alipohesabu mara ya nne ndipo nilipogundua kwamba alikuwa anahesabu na begi langu, ambalo nilikuwa nimeliweka mwisho wa mstari wake bila kujua. Alikuwa anapata minane wakati mizigo yake ni saba. Nilikaribia kucheka. Halafu nilimkumbuka dada, ambaye tulipokuwa wadogo, kila tulipobadilisha gari, alikuwa anasimama anahesabu mizigo yetu kwa sauti, na mimi ananihesabu humohumo, kati ya mzigo wa pili na wa tatu.”

Basi kadi ni hii. Meli, mama, mizigo minane.

Ile sentensi ndefu ya mwisho ndiyo iliyonifundisha tofauti ya shajara na kadi. Kwenye shajara nilieleza dada ni nani na alikuwa anafanya nini, kwa sababu shajara inamwandikia mtu ambaye huenda akasahau, yaani mimi wa miaka kumi ijayo. Dada hahitaji kuelezwa. Alikuwapo, tena ndiye aliyekuwa anahesabu. Nikafuta maelezo yote nikaweka sauti yake mwenyewe: “Moja, mbili, wewe, tatu.” Maneno manne, ambayo kwenye shajara hayamo kabisa. Kwa mtu mwingine hayana maana. Mfanyakazi mwenzangu angehitaji mistari sita ya maelezo kabla hajatabasamu, na mistari sita ni nusu ya shamba.

Kukata maneno mengine kulikuwa kazi ya fundi cherehani tu. “Halafu” na “ambayo” ndizo za kwanza kuondoka. Palipokuwa na “nilikaribia kucheka, halafu nilimkumbuka dada” nikaweka “nikataka kucheka, nikakusikia”: ile -ka- inafunga tendo kwa tendo bila kuomba msaada wa kiunganishi. “Amehesabu” ikawa “kahesabu”, kwa sababu hivyo ndivyo ninavyomwambia dada nikiwa naye, wala sikuona sababu ya kumsemesha Kiswahili cha tangazo. Na lile begi “ambalo nilikuwa nimeliweka mwisho wa mstari wake bila kujua” likawa “Wa nane ni begi langu.” Lilifikaje hapo? Atajua. Ananifahamu.

Mara moja nilikata mpaka mfupa. Nilitoa “naye anayo saba tu”, nikiona namba nyingi zinachosha. Niliposoma tena, kichekesho kilikuwa kimekufa: mama anahesabu mizigo minane, haya, ana mizigo minane, kuna nini? Ile saba ndiyo iliyobeba mambo yote. Nikairudisha, na badala yake nikatoa bomba linalovuja. Bomba nilimpelekea rafiki yangu fundi bomba, kwenye kadi nyingine, na nikamweleza jinsi walivyolifunga kwa soksi. Kurasa zilezile, lakini yeye angekatiza hapo.

Saa nazo zilinisumbua. Niliandika “meli imechelewa saa tano”, nikasita: dada atasoma kwamba imechelewa kwa muda wa saa tano, au kwamba hayo yametokea saa tano asubuhi? Nikaweka “masaa matano”. Mwalimu wangu wa Kiswahili angelipigia mstari mwekundu, lakini hapa halina utata. Kwa sababu hiyohiyo sikuandika “kesho tunaondoka”. Kadi inaweza kukaa njiani wiki nzima au zaidi, na “kesho” ya mwandishi humfikia msomaji ikiwa imeoza. Nikaiacha, basi.

Salamu zilinipa shida kuliko yote. Natumaini hujambo, mimi sijambo, wasalimie wote: ukiziweka zote, mistari miwili imekwenda na hujasema kitu. Ningekuwa namwandikia mjomba nisingethubutu kuanza bila shikamoo. Kwa dada nilimwita tu, kama mtu anavyomwita mwenzake chumba cha pili, kisha nikaingia moja kwa moja.

Ugomvi na mwenzangu wa safari ulibaki kwenye shajara. Kadi haina bahasha. Inasomwa na anayeibeba, na anayeipokea mlangoni, na kila atakayepita baada ya dada kuiweka juu ya kabati.

Hii ndiyo iliyokwenda:

“Dada,
Meli imechelewa masaa matano, ukungu. Hapa gatini mama mmoja kahesabu mizigo yake mara nne, anapata minane, naye anayo saba tu. Wa nane ni begi langu. Nikataka kucheka, nikakusikia: ‘Moja, mbili, wewe, tatu.’ Hivi kwa nini ulikuwa unanihesabu katikati? Utanijibu nikirudi. Kofia uliyonipa imepotea, samahani.
Mdogo wako”

Maneno 47, na yakaenea. Kofia niliibakiza makusudi, ingawa haihusiani na mizigo. Kadi ilikuwa imekaa vizuri mno bila hiyo, kama hadithi iliyonyooshwa kwa pasi, na dada angehisi kwamba nimeitengeneza. Mtu anayeandika akiwa gatini hukumbuka jambo lingine mwishoni, akalichomeka. Isitoshe, ilikuwa kweli imepotea na sikuwa na ujasiri wa kumwambia uso kwa uso.

Niliinakili polepole kutoka kwenye ile karatasi niliyoichora, kisha nikaiacha dakika kadhaa ikauke kabla ya kuigusa. Uso wa kadi ukiwa wa kung'aa, wino wa peni laini huelea juu, na kiganja kikipita kinaufagia.

Nilirudi kabla ya kadi. Ilipofika, dada alinipigia simu, hakusalimia.

“Kwa sababu wewe ulikuwa mzigo pekee wenye miguu,” akasema. “Sasa kofia umeipotezea wapi?”