Aliyetaka picha na aliyeihitaji

Saa 2 asubuhi nafungua chumba. Mimi ni klinikal ofisa katika kliniki moja hapa Likoni, Mombasa, na hadi saa 6 nimeona watoto wenye homa, vikohozi, na bibi wa kidonda cha mguu anayekuja kila Jumanne.

Saa 6 akaingia kijana wa miaka 31, noti mkononi.

"Dakta, nataka picha ya kichwa, ile ya skani. Pesa ninayo."

Kichwa kinamuuma tangu sekondari: upande mmoja, kinadunda, anatapika, anajifungia gizani, kesho yake amepona. Mamake vilevile. Nikampima presha na joto, nikamkunja shingo, nikamtembeza, nikammulika nyuma ya macho. Kote sawa.

Nikamwambia hicho ni kipandauso, yaani maumivu yenyewe ndiyo ugonjwa. Picha itatoka safi, na kichwa kitarudi palepale. Tunachopiga picha ni kichwa kinachouma kwa sababu ya kitu kingine: damu, uvimbe, maambukizi. Na hicho hujionyesha kwanza kwenye maelezo. Kimekuja ghafla? Kimebadilika? Kina homa na shingo ngumu? Kimeanza baada ya miaka 50? Mkono umelegea? Mgonjwa ni mjamzito, ana virusi vya ukimwi, au aliumia?

"Lakini kinauma sana!"

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, na sikumlaumu. Ukali peke yake hautenganishi: kipandauso humlaza mtu chini, na uvimbe huweza kuuma kidogo tu. Akabisha, akampigia kakake, nikaeleza upya kwenye simu. Dakika 40 zikaenda. Mwishowe akakubali dawa ya kumeza mapema kikianza, na daftari la kuandika siku zake.

Nilipofungua mlango, mpakuzi wa magunia wa miaka 44 alikuwa ameinama kwenye benchi, kofia imemfunika macho. Hakuomba chochote ila panado.

"Kilianza lini, kaka?"

"Saa 5 na dakika 20. Nimeinua gunia, kikapiga paa! Kama nimegongwa nyundo kisogoni."

Hajawahi kuumwa kichwa. Kichwa kinachofika kileleni ndani ya dakika moja ni damu ubongoni mpaka ithibitike vingine. Presha yake haikunituliza, wala kwamba alikuwa akizungumza vizuri. Na saa ilikuwa inakimbia: skani ikipigwa ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze, ni nadra damu hiyo kuikwepa. Zikishapita, picha safi haitoshi, mtu hutolewa maji ya mgongoni. Tulikuwa na hadi saa 11 na dakika 20, na skani iko ng'ambo ya kivuko.

Sikukumbuka chakula cha mchana. Nikaandika barua, muda wa kuanza nikaupigia mstari mara mbili, nikaenda naye kwenye ambulensi. Feri ikaturuhusu mbele ya magari. Njiani alianza kutapika, nami nimemshika bega, naangalia saa.

Picha ilipigwa saa 9 na nusu. Damu ilikuwepo, nyeupe chini ya ubongo. Wakamchukua wa upasuaji.

Kurudi nilivuka kwa miguu pamoja na umati wa magharibi. Dakika 40 zile bado zinanikaa kooni. Kesho nesi wa mapokezi atauliza kila mwenye kichwa swali moja kabla hajaketi: kilianza ghafla?