Siku moja maishani mwangu: kifua kinauma, ECG inasema yote ni sawa

Saa 1:30 asubuhi. Mimi ni daktari wa idara ya dharura katika hospitali moja hapa Morogoro. Kabla ya kupokea wagonjwa wa usiku, huwa nakagua mashine ya ECG, inayoandika umeme wa moyo kwenye karatasi: karatasi ipo, betri imejaa, waya zote 10 ni nzima. Waya 4 zinafungwa kwenye mikono na miguu, 6 zinabandikwa kifuani. Kutokana na hizo mashine inausoma moyo kwa pembe 12. Waya za mikono zikibadilishana upande, karatasi inaweza kuonyesha ugonjwa usiokuwepo, kwa hiyo tumezibandika vibandiko vya rangi.

Saa 2:10. Anaingia baba wa miaka 54, fundi ujenzi, ameshikwa na mke wake. Kifua kimembana tangu saa 12 na nusu alfajiri, jasho linamtoka, ametapika mara moja. "Dokta, ni vidonda vya tumbo tu hivi, vinamsumbua siku zote," anasema mke wake. Inawezekana. Lakini mtu mzima mwenye kifua kinachobana na jasho la baridi anafanyiwa ECG ndani ya dakika 10 tangu afike, maelezo mengine tunayachukua huku waya zikibandikwa.

Saa 2:17. Karatasi ya kwanza inatoka. Juu yake mashine imeandika `Normal ECG`. Mke wake ananiangalia usoni, anataka kusikia kwamba wanaweza kurudi nyumbani.

Hapa ndipo watu wengi wanapokielewa vibaya kipimo hiki. ECG haioni mishipa ya damu wala damu inayopita ndani yake. Inaandika umeme wa moyo kwa sekunde 10. Damu ikiganda na kuziba mshipa unaolisha moyo, nyama ya moyo inakosa hewa, umeme wake unabadilika, na mabadiliko hayo ndiyo tunayoyasoma. Kama mshipa umeziba nusu, au damu iliyoganda inaachia na kuziba tena, sekunde 10 zako zinaweza kuangukia wakati umeme ukiwa bado wa kawaida. Karatasi nzuri ya mgonjwa ambaye kifua bado kinamuuma inanieleza habari za saa 2:17 peke yake.

Naitazama tena taratibu. Kwenye pembe inayoitwa aVL, ambayo inauangalia moyo kutoka juu kushoto, wimbi la T, lile la mwisho katika kila pigo la moyo, limepinduka kidogo kuelekea chini. Peke yake si ushahidi wa kutosha. Ila ukuta wa chini wa moyo unapoanza kuumia, mara nyingine aVL ndiyo inayotangulia kulalamika, kwa sababu iko upande wa pili wa ukuta huo. Nampa aspirini miligramu 300 atafune baada ya kuhakikisha hatapiki damu na hana mzio nayo. Namwambia sista waya zisitolewe kifuani.

Saa 2:35. Karatasi ya pili. Kwenye pembe za II, III na aVF, zinazouangalia moyo kutoka chini, mawimbi ya T yamenenepa na kupanda kuliko yalivyokuwa. Mashine bado haijaona tatizo. Majibu ya troponini, kipimo cha damu kinachoonyesha nyama ya moyo iliyoumia, yamerudi hasi. Hayanitulizi, kwani troponini huchukua saa kadhaa kupanda, na maumivu haya yana saa mbili tu.

Saa 2:55. Karatasi ya tatu, na sasa hata mwanafunzi ataiona. Sehemu ya ST, kipande cha mstari kinachotangulia wimbi la T, kwenye pembe ya III imepanda milimita 4 juu ya mstari wake, II na aVF zimepanda pia, na aVL imeshuka. Ni mshtuko wa moyo wa ukuta wa chini. Tunahamishia waya moja upande wa kulia wa kifua, pembe ya V4R, kwa sababu waya za kawaida haziuoni vizuri upande wa kulia wa moyo. Nako ST imepanda. Hilo linabadilisha matibabu papo hapo: simpi nitrogliserini, dawa ya kutanua mishipa, maana upande wa kulia ukiumia, dawa hiyo inaweza kuangusha presha yake ghafla. Presha yenyewe ni 104/68.

Saa 3:20. Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, wanaweza kuufungua mshipa kwa mpira mwembamba. Lakini ni karibu kilomita 190, na hatufiki kwa wakati. Namuuliza kuhusu kiharusi, upasuaji wa karibuni, kutokwa damu. Hakuna. Tunaanza streptokinesi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, yuniti milioni 1.5 kwa saa moja, presha ikipimwa kila baada ya dakika 5.

Saa 4:50. Dakika 90 tangu dawa ianze. Karatasi ya nne: ile milimita 4 imebaki 1, na baba anasema kifua kimeachia. ST ikishuka zaidi ya nusu hivi, kuna uwezekano mkubwa damu inapita tena. Sasa anaweza kusafirishwa, na karatasi zote nne zinakwenda naye.

Saa 8 mchana. Mama wa miaka 61, mwenye kisukari na presha. Akipanda mlima wa kwake na kikapu cha mboga, kifua kinambana. Akikaa dakika chache, kinaachia. ECG yake ni ya kawaida. Kijana wake anafurahi: "Kwa hiyo moyo wa mama hauna shida, dokta?"

Namjibu kwamba siwezi kusema hivyo. Mshipa uliopungua upana unaweza kupitisha damu ya kutosha mtu akiwa amelala kitandani, na umeme ukawa wa kawaida kabisa. Upungufu unajitokeza moyo unapofanya kazi. Maelezo ya mlima na kikapu yana uzito kuliko karatasi yangu. Naanza dawa, nampa rufaa ya kipimo cha moyo akiwa mazoezini, na namweleza kijana: maumivu yakimjia mama amekaa, au yakizidi dakika 15, asingoje tarehe ya kliniki.

Saa 11 jioni. Kijana wa miaka 26, mbeba mizigo sokoni, ana maumivu upande mmoja wa kifua tangu asubuhi. Mashine imeandika `ACUTE MI`, yaani mshtuko wa moyo. ST imepanda kweli kwenye pembe za mbele ya kifua, V2 hadi V4, ila imebonyea katikati kama bakuli, ina kijino mwanzoni, na hakuna pembe ya upande wa pili iliyoshuka. Vijana wengi wenye afya wana umbo hili. Ukibonyeza mbavu zake, anaruka. Hata hivyo umri si kinga, kwa hiyo ninarudia karatasi baada ya dakika 20, tena baada ya 20. Zote tatu zinafanana. Mshtuko wa moyo kwa kawaida hautulii sura moja namna hiyo. Troponini ya kwanza ni hasi.

Saa 1:30 usiku. Namkabidhi daktari wa zamu ya usiku: kijana arudiwe troponini saa 2 usiku. Ikiwa hasi na karatasi haijabadilika, aende nyumbani na dawa ya maumivu. Dar wamepiga simu: baba wa asubuhi amefika, presha yake ni 118/74, kifua hakiumi. Kesho wanamwangalia mishipa.