Jinsi nilivyotenganisha sauti za mwanajeshi mstaafu na kijana wa bodaboda

Katika hadithi yangu inayotokea Jinja, mwanajeshi mstaafu na kijana wa bodaboda wanagombania nauli, lakini nilipofunika majina yao sikuweza kujua ni nani anayesema. Kumtia kijana misimu hakukusaidia, kwa kuwa mawazo ya wote wawili yalibaki yamepangwa kwa namna ile ile.

Kilichofaa ni kuyatoa maneno ya mzee peke yake kwenye karatasi na kuyaandika upya yote kabla ya kumgusa kijana. Mzee nilimpa sentensi fupi za kuagiza: "Deni nalijua. Njoo Jumamosi, saa tatu asubuhi." Kijana nilimwacha azunguke, aunganishe sababu juu ya sababu, kisha amalizie kwa swali: "Mzee wangu, mafuta yamepanda, na pikipiki yenyewe si yangu, sasa nikirudi mikono mitupu tajiri nitamwambia nini?"

Swali hilo la mwisho ndilo lililoleta tofauti, kwani mzee haulizi, isipokuwa mahali pamoja anapomwona kijana akilia, na swali lake pale lina uzito kwa sababu ni la pekee. Nilipofunika majina tena, nilifuta kila mstari ambao ungeweza kusemwa na yeyote kati yao, hasa salamu ndefu za mwanzo.